Laini ya gesi ya wima kwenye VRF: kuipanua kunaziba njia ya mafuta

"Wakuu, nina VRF ya R410A, kW 28, yuniti ya nje ipo juu ya paa. Laini ndefu kuliko zote ni mita 62, na 40 kati ya hizo ni wima. Ina viwiko 10 na viungo vya Y 6. Jedwali linasema laini ya gesi iwe mm 22.2, lakini nataka niweke 28.6 ili ubaridi usipotee njiani. Na mikunjo ya U niweke kila baada ya mita ngapi?"

Mkuu, baki na 22.2. Mashine inapopoza vyumba, gesi inapanda kutoka vyumbani kwenda paani, na mafuta ya kompresa yanapanda nayo kama utando mwembamba unaosukumwa kwenye ukuta wa bomba. Kwenye likwidi mafuta huyeyuka na kusafiri bila shida. Kwenye gesi, kasi ndiyo kila kitu.

Mzigo ukiwa kamili, gesi inakwenda kama m 15 kwa sekunde ndani ya 22.2, na karibu m 9 ndani ya 28.6. Zote zinabeba mafuta. Tatizo ni usiku, chumba kimoja au viwili vikiwaka na mzigo ukiwa asilimia 20: 22.2 inabaki na m 3, ila 28.6 inashuka hadi m 1.8 hivi. Kwa kipenyo hicho, chini ya takriban m 2 mafuta yanaanza kurudi chini.

Hofu yako ina msingi, maana 28.6 hupunguza upotevu wa presha hadi kama robo. Lakini hesabu umbali sawia kwanza: mita 62, viwiko 10 kwa 0.4 na viungo 6 kwa 0.5, jumla mita 69. Watengenezaji wengi huruhusu saizi moja juu (25.4) pale tu umbali sawia unapozidi mita 90. Upungufu wa ubaridi utoe kwenye jedwali la marekebisho unapochagua mashine, usiuzibe kwa bomba.

Mikunjo ya U usiweke, isipokuwa mwongozo wa mashine yako umeidai. Mzigo ukiwa mdogo inajaa mafuta, kisha mzigo ukipanda yote yanamwagikia kompresa kwa mkupuo.

VRF ina mzunguko wake wa kurudisha mafuta: kompresa inaongeza kasi, vali za upanuzi zinafunguka hata kwenye vyumba vilivyozimwa, likwidi inaosha laini ya gesi. Ndiyo ile sauti ya "fsss" wateja wanayoilalamikia usiku, si hitilafu. Ila mzunguko huu haukomboi bomba lililopanuliwa ovyo.

Dalili za bomba pana ni kompresa inayopata joto na kelele baada ya saa nyingi za mzigo mdogo, kisha inatulia mchana vyumba vyote vikiwashwa. Hapo usikimbilie kuongeza mafuta. Yamo kwenye bomba, na yakirudi pamoja na uliyoongeza, kompresa itazidiwa.