Soketi imekufa, waya uko ndani ya ukuta: maltimita inaonyeshaje ulipokatika?

"Wakuu, soketi ya chumbani haina umeme, ya sebuleni iliyo kabla yake inafanya kazi. Nimenunua maltimita. Nikipima ile iliyokufa naona volti 60 na kitu. Nitajuaje waya umekatika wapi bila kubomoa ukuta mzima?"

Mkuu, hizo volti 60 zisikusumbue, na mimi zilinipotezea nusu siku. Maltimita ya kidijitali haivuti karibu umeme wowote, kwa hiyo kipande cha waya kilichokatika kikilala jirani na waya wenye moto kinaonyesha volti za uongo. Chomeka taa ya kawaida hapo: isipowaka na volti zikaanguka, ni mzimu tu. Lakini usiuguse kwa kudhani haudhuru.

Nakueleza nilivyofanya kwa shemeji yangu, ambaye naye soketi ya chumbani ilikufa na ya sebuleni ikabaki inafanya kazi, nyumba ya zamani ambayo kebo bapa ya waya tatu imefukiwa kwenye lipu bila paipu. Nilizima meni swichi, nikapima maltimita kwenye soketi niliyojua ina umeme kabla ya kuzima na baada ya kuzima, ndipo nikafungua soketi zote mbili. Anza na skrubu. Mara nyingi waya umelegea kwenye ile soketi inayofanya kazi, na ukuta hauna kosa. Kwake zilikuwa zimekaza.

Nikachomoa ncha za kebo kwenye soketi zote mbili, zisiguse kitu. Waya za maltimita hazifiki chumba kwa chumba, kwa hiyo chumbani nilifunga moto, nyutro na athi pamoja kwa konekta, kisha nikapima sebuleni kwenye alama ya mlio. Nyutro kwa athi: mlio, na omu 0.5. Waya za maltimita zenyewe zikigusana zilisoma 0.3, hivyo kebo ilibeba 0.2 tu, nzima kabisa. Moto kwa nyutro: kimya, skrini ikaandika OL, yaani hakuna muunganiko. Moto kwa athi: OL tena. Basi uliokatika ni moto. Tazama namba, usisikilize mlio pekee, maana mita nyingi hulia hata kwenye omu 30, na waya ulioshikiliwa na uzi mmoja bado utalia.

Hapo mlio umemaliza kazi yake. Umekuambia waya gani, haujui wapi. Kwa "wapi" nilitumia alama ya kapasita, kama mita yako inayo na inasoma sehemu ndogo za nanofaradi, yaani nF. Waya mbili zinazolala sambamba ni kapasita, na kadiri zilivyo ndefu ndivyo namba inavyokua. Waya uliokatika utapimika hadi pale ulipokatikia tu.

Nilifungua ile konekta chumbani. Sebuleni nikafunga nyutro na athi pamoja, nikapima kati yake na moto: 0.52 nF. Nikahamia chumbani, nikafanya vilevile: 0.31. Mita yenyewe bila kushika kitu ilikuwa ikisoma 0.03, nikaitoa kote kuwili: 0.49 na 0.28, jumla 0.77. Gawanya 0.49 kwa 0.77, unapata 0.64. Yaani kutoka sebuleni, waya ni mzima kwa asilimia 64 ya njia yake.

Sasa njia. Kebo ilipanda mita 2.1 kutoka soketi ya sebuleni, ikakata kwa mlalo mita 3.2, ikashuka mita 2.1: jumla 7.4. Asilimia 64 ni kama mita 4.7. Toa 2.1 za kupanda, zinabaki mita 2.6 kwenye ule mlalo. Nikapima kwa futikamba ukutani, nikatua karibu na kishikio cha bomba la pazia! Shemeji akakumbuka fundi alitoboa hapo wakati wa kuhamia. Nilichimba kidogo, skrubu ilikuwa sentimita 8 tu kutoka alama yangu.

Hesabu hii inategemea kujua njia ya kebo, kwa hiyo kama fundi alipitisha kimshazari au kuna kisanduku cha maungio kilichofukiwa, utapotea. Pia lipu ikiwa na maji, au waya uliokatika ukigusana na nyutro, namba zitakuwa za ajabu. Jaribu tena ukiwa umepima kati ya moto na nyutro kwa mlio bila kufunga ncha za mbali: ukilia hapo, tatizo lako si kukatika pekee, waya zimegusana.

Ukiungia, weka kisanduku chenye kifuniko kinachofunguka. Usisokote, ukafunga tepu na kupiga lipu juu. Na kama nyumba yako ina paipu, usichimbe kabisa: funga waya mpya wa moto na wa nyutro kwenye ncha ya nyutro ya zamani iliyo nzima uvute, maana uliokatika hauwezi kuvuta mwingine, ukikwama ndipo uchukue patasi.