Kila sentensi ya imani iwe na mwenyewe

"Nafundisha darasa la sita, skuli ya Unguja mjini. Watoto 46, Wakristo wanne. Wiki ijayo kipindi cha maadili ni utii. Nataka kutumia kisa cha Nabii Ibrahim na mwanawe, nioneshe kuwa dini zote mbili wana kitu kimoja, kisha mmoja wa wale wanne asimame aeleze upande wao."

Usimsimamishe huyo mtoto. Kisa kifundishe, lakini si kwa mpango huo.

Hilo la "kitu kimoja" nalijua linakotoka. Nami niliambiwa hivyohivyo kwenye semina, nikalifuata. Mkufunzi alilisema kwa uhakika wote, akapanda gari akenda zake. Waliobaki kuwakabili wazazi mlangoni ni walimu. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu angevifungua vitabu vyenyewe asingelisema.

Vifungue wewe. Mwanzo, mlango wa 22, unamtaja Isaka kwa jina. Qur'ani, sura ya 37, kwenye aya ya 102 haimtaji mtoto kwa jina. Waislamu wengi wanashika kuwa ni Ismail, na ndivyo watoto wako walivyosomeshwa chuoni. Ukisema ni kisa kimoja, hapohapo mkono utanyoshwa: mwalimu, ni Ismail au Isaka? Ukitaja jina moja, umeshachagua dini mbele ya darasa. Ukijibu kuwa haina tofauti, umewaambia wote 46 kwamba wanachofunzwa kwao hakina uzito. Hiyo nayo ni imani, na ni yako wewe.

Basi shika hili moja: kila sentensi ya imani iwe na mwenyewe. Usiseme "Ibrahim alitaka kumchinja Ismail". Sema "Waislamu wengi wanaamini mtoto huyo ni Ismail". Usiseme "Mungu alimjaribu Ibrahimu". Sema "Kitabu cha Mwanzo kinasema Mungu alimjaribu Ibrahimu". Andika maelezo yako yote usiku, kisha yapitie kwa kalamu nyekundu na upige mstari kila penye "sisi", "wao", "wenzetu" na "Mtume wetu". Kwetu huku "sisi" hututoka kabla hatujafikiri, na wale wanne wanaisikia kila inapotoka.

Darasani gawa ubao mara mbili: upande mmoja "Qur'ani, sura ya 37, aya 102 hadi 107", upande wa pili "Mwanzo, mlango wa 22". Soma mwenyewe pande zote mbili, kwa Kiswahili na kwa sauti ileile. Msahafu usiupitishe mikononi mwa darasa zima, maana kuna wazazi wanaoshika kwamba haushikwi bila udhu. Nakili tafsiri kwenye karatasi, moja kwa watoto wawili, na uzihesabu wakati wa kuzikusanya. Karatasi yenye aya ikionekana imefungia karanga nje ya geti, utaitwa ofisini.

Sasa uliza swali ambalo jibu lake limo kwenye karatasi: mtoto alijua nini? Hapo ndipo utamu ulipo. Katika Qur'ani, Ibrahim anamwambia mwanawe alichokiona usingizini, anamtaka rai yake, na mtoto anakubali. Katika Mwanzo mtoto haambiwi. Anauliza yuko wapi kondoo, na baba anamjibu kuwa Mungu atajipatia. Utii wa mtu aliyeambiwa akaridhia, na wa mtu anayemfuata baba yake bila kuambiwa, ni mambo mawili, na watoto wa miaka kumi na moja wanaweza kuyajadili kipindi kizima bila kugusa nani yuko sahihi.

Swali la jina likija, na litakuja, jibu hivi: "Waislamu wengi wanasema Ismail, Biblia inasema Isaka. Hapa tunajifunza kila mmoja anasema nini. La kuamini kaulize kwenu." Mtoto akisema Biblia ilibadilishwa, usimkemee na usimuunge mkono. Yape maneno hayo mwenyewe: "Hayo ni mafundisho ya Waislamu wengi kuhusu Biblia, Wakristo hawakubaliani nayo." Kisha urudi kwenye karatasi.

Na yule wa kusimama. Mtoto huyo si padri. Pengine ni Mkatoliki, Mwanglikana au Mpentekoste, na hao kwa hao hawafundishwi sawa. Akikosea jambo, darasa litashika kuwa Wakristo ndivyo waaminivyo, na jina la utani atakalopewa siku hiyo litamfuata hadi mwisho wa muhula. Dalili utaziona: ataanza kukosa siku zenye kipindi chako, au utamkuta anaitikia kila kitu ili asiulizwe. Akinyosha mkono kwa hiari yake, msikilize mpaka amalize, kisha waambie wenzake, "Hivyo ndivyo anavyofunzwa kwao," na umwache akae.