Fidia ya kipimo cha mvua na fidia ya hasara shambani

"Mahindi yangu yamekauka, lakini bima wanasema mvua ilitosha. Mbona hawakuja kukagua shamba?"

Ndugu, katika bima ya kipimo cha mvua hakuna mkaguzi anayekuja, kwa kuwa kinachofidiwa ni upungufu wa mvua uliosomwa na kituo au setilaiti, wala si mahindi yenyewe. Tuseme fidia inaanza mvua ikishuka chini ya milimita 100 na kufikia kilele, shilingi 20,000, kwenye milimita 40: zikisomwa 70 utalipwa 10,000 hata ukivuna vizuri, na zikisomwa 105 hupati kitu, ingawa kwako palikauka.

Bima ya hasara iliyopimwa hulinganisha mavuno na kiwango kilichokatiwa bima. Kikiwa magunia 7 nawe ukavuna 4, hufidia 3, ila ada yake huwa kubwa kwa sababu ya gharama za ukaguzi. Angalia kwenye mkataba kituo kinachotumika na tarehe za kupima.