Kwa Nini Mvua Haionekani Kwenye Picha Yako ya Mwavuli

Wiki hii msomaji mmoja anayeuza miavuli na makoti ya mvua karibu na Kamukunji ameniletea picha ya tangazo lake. Dada anatabasamu, mwavuli ni wa manjano, mifuko ya dukani iko mkononi. Swali lake lilikuwa fupi: "Mvua ilikuwa inanyesha sana, sasa imeenda wapi?"

Haijaenda popote. Imepigiwa picha mahali ambapo haiwezi kuonekana. Tone la mvua ni kama kioo kidogo, halina rangi yake. Nyuma yake kukiwa na mbingu nyeupe ya Aprili, nalo hubaki jeupe na kupotea humo. Ili lionekane linahitaji mambo mawili kwa pamoja: giza nyuma yake, na mwanga unaotoka upande wa nyuma ukiliangazia kwenye kingo. Kwa hiyo mgeuze dada mgongo wake uelekee ukuta mweusi, lango la chuma au mlango wa duka ulio na kiza ndani, kisha taa iwe nyuma yake, pembeni kidogo, imefichwa nje ya fremu. Taa iwe ya betri. Waya wa stima juu ya lami iliyolowa ni kifo, na hilo sitalirudia.

Usiwashe flashi ya simu. Inaangaza matone yaliyo karibu na lenzi na kuyageuza mipira myeupe, kana kwamba kuna pamba inayopeperuka mbele ya uso wa mteja wako. Zima pia hali ya usiku. Simu ikiwa katika hali hiyo hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha, na kwa kuwa hakuna tone linalokaa mahali pamoja kwenye picha mbili, mashine huliona ni uchafu na kulifuta. Wengi hulaumu simu kuwa ni ya bei rahisi, kumbe simu imefanya kazi yake vizuri kupita kiasi.

Fungua `Pro` kama simu yako inayo, utafute herufi `S`. Huo ndio muda ambao simu inapokea mwanga. Tone la kawaida huanguka takriban mita 6 kwa sekunde. Ukiweka 1/60, litasafiri sentimita 10 wakati picha inachukuliwa, nawe utapata mstari mrefu wa mvua. Ukiweka 1/250, mstari unabaki sentimita 2 na nusu hivi. Kwa tangazo mimi nachagua 1/60 au 1/125, kwa sababu mstari ndio unaosoma kama mvua hata kwenye stetasi ya WhatsApp ambapo picha ni ndogo. Tatizo ni kwamba kwa 1/60 mtu anayetembea naye anakuwa ukungu. Basi asitembee. Asimame mguu mmoja mbele, kisigino cha nyuma kimeinuliwa, kama aliyekatizwa katikati ya hatua.

Na mvua yenyewe usiisubiri. Mpira wa maji wenye kinyunyizio, ulioinuliwa mita 3 na kuelekezwa juu ili maji yaanguke yenyewe, uwekwe nyuma ya dada kwa umbali wa hatua moja au mbili. Mvua iliyo nyuma yake inapata mwanga vizuri, naye anabaki mkavu kweli, bila kukunja uso. Tabasamu la mtu anayelowa shingoni linajulikana na kila mtu aliyewahi kusubiri matatu mwezi wa Novemba.

Sasa njoo kwenye lami, maana hapa ndipo rangi zako zinapozaliwa mara ya pili. Lami iliyolowa ni nyeusi kuliko kavu, na juu yake mwavuli unajirudia. Lakini ukipiga picha umesimama wima, unaitazama lami kutoka juu na taswira inakuwa hafifu. Shusha simu hadi urefu wa goti, nusu mita hivi.

Tuseme dada yuko mita 5 kutoka kwenye simu, na kilele cha mwavuli kiko mita 2 kutoka chini. Taswira ya kilele hicho itaangukia sehemu ya lami iliyo mita 1 tu mbele ya simu. Unapata hivyo kwa kuzidisha umbali, 5, kwa urefu wa simu, 0.5, kisha kugawanya kwa jumla ya urefu wa simu na wa mwavuli, yaani 2.5. Maana yake ni kwamba lami inapaswa kulowa kuanzia mita 1 mbele yako hadi miguuni pake: urefu wa mita 4. Wengi humwagia maji pale anaposimama tu, halafu wanashangaa mwavuli umekatwa kichwa.

Ukipa upana wa mita 3, una mita 12 za mraba. Lita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni kina cha milimita 1, kwa hiyo milimita 1 na nusu inataka lita 18, karibu mtungi mmoja wa lita 20. Hayo ni mahesabu ya lami isiyo na mteremko. Kwenye kabro maji hunywewa na mchanga wa kwenye maungio, kwa hiyo mtungi wa kwanza uhesabu ni wa kulipia njia, na uwe na mingine miwili akiba. Utajua maji yamepungua taswira ikianza kuonyesha mistari ya vitofali. Fanya kazi hii mbele ya duka ambalo mwenyewe amekuruhusu, si kwenye njia ya watu.

Saa nzuri ni jua linapozama. Mwezi wa Aprili hapa Nairobi ni kama saa kumi na mbili na nusu jioni, Novemba mapema kidogo, na giza letu haliji polepole: una dakika 20 hivi ambapo taa za maduka zinawaka na mbingu bado ina buluu. Maji yamwagwe kabla, si wakati huo.

Kitu kingine ni uso. Mwavuli unaziba mwanga wa juu, na kitambaa chembamba kinamwaga rangi yake kwenye ngozi. Wa manjano au mwekundu humpa joto; wa kijani au buluu humfanya aonekane mgonjwa. Kama bidhaa yako ni ya kijani, mtu ashike kadibodi nyeupe ya sentimita 60 kwa 90 pembeni, nje ya fremu, iirudishe taa ya nyuma usoni.

Matone kwenye koti hukauka au hutiririka upesi. Changanya maji na glisarini ya duka la dawa nusu kwa nusu, unyunyizie kitambaa tu, yatakaa.

Lakini kabla ya kuandika "haipitishi maji" juu ya picha, ligeuze koti ndani nje, ukunje mshono wa bega uwe kama kikombe, umimine maji humo na usubiri dakika 10. Kitambaa chaweza kuwa salama huku mshono usiozibwa kwa utepe ukidondosha kupitia matundu ya sindano. Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya mwaka 2012 inakataza kudai sifa ambazo bidhaa haina. Likidondosha, andika "koti la manyunyu", na picha ya dhoruba uiwekee mwavuli.