Kabichi hupikwa wageni wakishakaa

Swali la wiki: "Unafanyaje ili nyumba isinuke unapopika kabichi, koliflawa au brokoli?"

Nilipolisoma swali hili nilikuwa na jibu tayari, nalo lilihusu soko zaidi ya jiko: mboga iliyochaguliwa vyema hainuki. Kwa miaka mingi nimeamini hivyo, nikawalaumu wauzaji kabla ya kuitazama sufuria yangu mwenyewe.

Kabichi nyingi zinazouzwa hapa Unguja, katika masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, hulimwa kwenye milima ya bara, kama kule Lushoto, kisha hupanda gari na kuvuka bahari, kwa hivyo hazitufikii zikiwa za siku ile ile. Majani ya nje yakinyauka muuzaji huyavua, na kabichi iliyovuliwa mara kadhaa hubaki nyeupe nzima, bila hata jani moja la kijani. Mimi huigeuza chini juu nikatazama shina lilipokatwa. Likiwa limekauka, limepasuka na kugeuka kahawia, naiacha. Halafu huipima mkononi, kwani kabichi nzuri huwa nzito kuliko umbo lake, na ukiibonyeza haibonyei. Koliflawa ina hila yake. Madoa ya kahawia hukwanguliwa kwa kisu, na ukipitisha kidole utahisi pale palipokwanguliwa ni bapa, kama pamepigwa randa. Brokoli lazima vitumba vyake viwe vimefumba na viwe na kijani kilichokoza. Kitumba cha manjano kimeshaanza kuchanua. Ikiwa imefungwa ndani ya nailoni isiyopitisha hewa, fungua uinuse kwanza, kwa sababu mboga hii huendelea kupumua baada ya kuvunwa, na ikikosa hewa hutoa gesi zenye salfa hata kabla ya kuonja moto.

Nilitaka niishie hapo. Lakini kila nikiandika habari ya koliflawa hukumbuka siku wazee walipokuja kumposa wifi yangu, na siku ile hainiungi mkono.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, tukikaa Michenzani, ghorofa ya tatu. Wageni walitarajiwa baada ya sala ya alasiri. Mama mkwe alinikabidhi wali na mchuzi wa samaki, na mimi, kwa kutaka kuonesha kuwa ninajua zaidi ya hayo, nikaomba niongeze koliflawa ya nazi. Saa mbili asubuhi nilikuwa Darajani. Nilichagua koliflawa mbili, nyeupe, zilizoshikana, majani yake bado mabichi na yamezikumbatia. Hata leo ningezinunua zile zile. Saa tatu nilikuwa nimeshazikatakata vipande vidogo vidogo na kuvitia ndani ya bakuli la plastiki lenye kifuniko, ili kazi iwe nyepesi baadaye. Saa nane nikavitia katika sufuria ya alumini pamoja na maji kidogo, nikafunika, nikapunguza moto na kwenda kukuna nazi. Nilipokumbuka kuifunua, ilikuwa imepita zaidi ya nusu saa.

Harufu iliyotoka ilikuwa ya yai viza. Koliflawa yenyewe ilikuwa imegeuka manjano ya kijivu, na ukiigusa kwa kijiko inavurugika. Nilitia tui zito nikidhani litaifunika harufu, nikaongeza kitunguu thomu na bizari, lakini ikazidi, kwani bado nilikuwa nikiichemsha. Mama mkwe hakusema neno. Aliwasha chetezo akafukiza udi ukumbi mzima na ngazi hadi mlango wa chini. Udi ulipokutana na harufu ile, kilichotoka kilikuwa kibaya kuliko kila kimoja peke yake. Wageni walikula wali na samaki kwa adabu, wakaipita bakuli yangu. Posa ilikubaliwa, alhamdulillahi, ila bakuli lilirudi jikoni limejaa kama lilivyotoka.

Usiku, tulipokuwa tukiosha vyombo, mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, kabichi na jamaa zake hupikwa wageni wakishakaa." Nililichukua kama neno la kunifariji. Wiki iliyofuata, kwa kuwa niliamini muuzaji ndiye aliyeniponza, nilimrudia yule yule, nikanunua koliflawa moja iliyofanana na zile na kuigawa nusu mbili. Nusu ya kwanza niliipika kama siku ile. Nusu ya pili niliikata maji yakiwa tayari yanatokota, vipande vikubwa kiasi, nikavitia katika maji mengi bila kufunika, nikatazama saa. Dakika sita nikaviepua. Nusu ya kwanza ilinuka hadi chumbani. Ya pili ilinibidi niinamie sufuria ndipo niisikie. Mboga moja, muuzaji mmoja.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Mboga za ukoo huu zina kemikali zenye salfa ambazo hukaa kimya madhali mboga ni nzima. Kisu kikipita, kemikali hizo hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nazo, ukali ukaanza. Ndiyo maana vipande vidogo vilivyokaa saa tano ndani ya bakuli lililofungwa vilikuwa vimeshaharibika kabla ya moto. Kisha joto likiendelea, kemikali hizo za salfa huvunjika na kutoa hidrojeni salfaidi, gesi ile ile ya yai viza. Dakika tano za mwanzo gesi hiyo huwa kidogo. Baada ya hapo huongezeka kwa haraka. Kifuniko nacho huirudisha ndani ya mboga.

Manjano ile ilikuwa na sababu nyingine. Maji yetu ya visima hupita kwenye mawe ya matumbawe na huwa na chokaa, na koliflawa katika maji ya namna hiyo hugeuka rangi. Ndimu nusu ndani ya sufuria huirudishia weupe wake. Brokoli usiitie ndimu jikoni, kwani asidi huufifiza ukijani wake, ikamulie mezani. Magadi huhifadhi ukijani, lakini huilainisha mboga ikawa uji, na sikushauri.

Basi nakiri kwamba jibu nililoanza nalo silishikilii tena kama mwanzo: saa ya ukutani ina kazi kubwa kuliko jicho la sokoni. Silifuti lote, hata hivyo. Kabichi iliyokaa wiki kadhaa huanza ikiwa kali, kwa uzoefu wangu, hata ukiiwahi. Hiyo naikata nyembamba sana, naikaanga kwa mafuta yenye kitunguu na bizari, kikaango wazi, moto mkali, dakika nne. Brokoli nainunua siku ninayoipika, na nikilazimika kuilaza, naiweka mbali na ndizi mbivu na maembe, maana gesi ya matunda yanayoiva huigeuza manjano.

Lipo jambo moja ambalo dakika sita hazilitoshelezi. Mama mkwe sasa ni mtu mzima, meno yamepungua, na anaitaka kabichi yake laini kabisa. Kwake naipasua nyembamba kama tambi na kuiondoa mshipa mgumu wa katikati, nayo hulainika katika muda ule ule. Tui naliweka tayari pembeni, limeshachemka, nikalimiminia mwisho, naye huwa ameshakaa.