Titrasheni: usikadirie katikati ya hesabu

"Njia yangu iko sawa, lakini jibu la titrasheni linakosa alama kila mara. Nakosea wapi?"

Nadhani unakadiria mapema mno. Chukua asidi ya HCl ya 0.100 M, sm³ 23.45, iliyomaliza sm³ 25.0 za NaOH. Moli za asidi ni 0.100 × 23.45 ÷ 1000 = 0.002345. Wengi hapa huandika 0.0023, wakiamini wamebakiza tarakimu nne. Sifuri za mwanzo hazihesabiwi, kwa hiyo zimebaki mbili tu! Ukigawanya kwa lita 0.0250 za NaOH unapata 0.092 M, wakati jibu sahihi ni 0.0938 M. Namba yote iache kwenye kikokotoo, ukadirie mwishoni tu: tarakimu tatu, kwa sababu 0.100 na 25.0 zina tatu kila moja.

Kuhusu vizio, badili sm³ kuwa lita kabla ya kuanza, na kizio kiandike kila mstari. Ukisahau 1000 kwenye ujazo wa asidi pekee, utapata 93.8 M, na hakuna myeyusho wa NaOH unaofikia hapo. Ukiona namba kama hiyo, rudi kwenye ujazo kwanza.