Mwenye faili akiondoka, shotikati haikusaidii

Swali: Mwenzangu ofisini ndo mwenye folda yetu ya ripoti kwenye Google Drive, na mwisho wa mwezi anaacha kazi. Nimeshaweka shotikati za faili zote kwenye My Drive yangu. Akaunti yake ikifutwa si ntaendelea kuzifungua? Alafu kuna folda yake nyingine kaifuta wiki hii, mle ndani nilikuwa na faili zangu mbili, sizioni tena, zimefutwa?

Jibu: Shotikati haitakuokoa. Ile ni alama tu inayoonyesha faili iko wapi, haibebi chochote ndani yake na wala haikupi ruhusa mpya, kwahiyo faili yenyewe ikifa shotikati inabaki hapo hapo na jina lake zuri tu ila ukiibonyeza unaambiwa faili haipo. Wengi wanachanganya kwa sababu zamani faili moja ilikuwa inaweza kukaa kwenye folda kadhaa kwa pamoja, ila tangu mwishoni mwa Septemba 2020 kila faili ina folda moja tu na kwingine kote unaweka shotikati.

Kinachoamua faili iishi au ife ni nani mmiliki wake. Mmiliki akiifuta inaenda kwanza kwenye Trash yake na inakaa siku 30, na hapo katikati nyie wengine bado mnaweza kuifungua, ndo maana mtu anajiona yuko salama kumbe siku zinahesabika. Akimwaga Trash mwenyewe hata hizo 30 hazifiki. Kuondoka kazini ni kitu kingine tena: akaunti ikisimamishwa tu faili alizowashirikisha zinaendelea kufunguka, ila ikifutwa bila kuhamisha vitu vyake zinaondoka nayo. Admini ana siku 20 za kuirudisha hiyo akaunti, baada ya hapo msimtafute mchawi.

Sasa hizo faili zako mbili, tulia, hazijafutwa. Yeye kafuta folda yake na vitu vyake, umiliki wako hawezi kuugusa, zimebaki yatima tu yani hazina folda ya kukaa. Mara nyingi Drive yenyewe inazirudisha kwenye My Drive yako, kwahiyo angalia huko kwanza, usipoziona andika hivi kwenye kisanduku cha kutafutia:

```
is:unorganized owner:me
```

Zikitokea zihamishie kwenye folda yako mwenyewe basi.

Turudi kwenye ripoti, na hapa usisubiri mwisho wa mwezi. Tafuta kwanza vitu vyote ambavyo yeye ndo mmiliki, weka imeili yake hapa:

```
owner:jina@mfano.com
```

Tuseme kwenye folda kuna faili kumi, saba zake, mbili zako, moja ya mtu wa tatu. Hizo saba ndo za kuhangaika nazo, na wengi wanakwama hapa: anakuhamishia umiliki wa folda, mnashukuru, mnaagana, kumbe folda imehama peke yake na faili saba zilizomo bado ni zake. Umiliki wa folda haushuki kwenye faili za ndani, kwahiyo fungua taarifa za kila faili usome pale palipoandikwa Owner, usiamini folda.

Kama ni akaunti za ofisi, rahisi kuliko zote ni kumwambia admini mapema, maana wakati wa kufuta akaunti anaweza kuchagua vitu vya Drive viende kwa nani, na linki hazibadiliki kwahiyo hata shotikati zako zitaendelea kufanya kazi. Mi ningependa zaidi zihamishiwe kwenye shared drive, kule mmiliki ni ofisi sio mtu, na anayefuata akiondoka hamrudii tena zoezi hili. Akaunti binafsi hazina shared drive, huko inabidi akuhamishie faili moja moja na wewe ukubali kila ombi.

Akigoma au hana muda, tengeneza nakala kwa Make a copy. Nakala ni yako kabisa ila inaanza upya, historia ya mabadiliko haiji nayo na linki ni mpya, kwahiyo shotikati za zamani na linki mlizotumiana kwenye imeili zitaendelea kuelekea kwenye ile ya zamani mpaka ife.

Na siku moja ukibonyeza ukaona ujumbe wa kuomba ruhusa, usianze kulia, faili bado ipo, pengine umeingia na akaunti nyingine au umetolewa kwenye orodha. Ukiambiwa faili haipo kabisa ndo umpigie admini siku hiyo hiyo, maana hata ikishatoka kwenye Trash ana siku 25 za kuirudisha.